Nafasi niliyoambiwa wamechaguliwa wengine imetangazwa tena. Niwaandikie nini?

Binti_Nansio

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi tangu jana.

Mwezi wa tatu niliitwa usaili wa Mhasibu wa Mradi kwenye shirika moja hapa Mwanza. Jina naliacha. Mtihani wa kuandika tulikuwa sita, tukabaki watatu wa kuhojiwa. Nilihojiwa tarehe 11 Machi. Tarehe 28 Machi nikapata barua pepe fupi ikisema wananishukuru kwa muda wangu, ila "waombaji wengine wamechaguliwa". Niliumia, nikaendelea na kazi yangu ya kushika vitabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Jana tarehe 9 Julai rafiki yangu kanitumia tangazo. Nafasi ileile, shirika lilelile, mwisho wa maombi 23 Julai. Sasa nimebaki najiuliza. Kama wengine walichaguliwa, mbona wanatafuta tena? Na kama yule aliyechaguliwa ameondoka, mbona hawakunipigia mimi niliyefika watatu bora? Niwaandikie kuwakumbusha, au niombe upya kama mtu mgeni, au ninyamaze tu maana wameshanikataa?

Kipanga_wa_Igoma

Pole sana dada. Ukweli ni kwamba hapo wana mtu wao tayari, tangazo ni la kutimiza utaratibu. Halafu walichofanya hakiruhusiwi. Aliyechaguliwa akiondoka lazima aitwe namba mbili, ndiyo sheria. Mdogo wangu alifanya usaili wa serikali, hakupata nafasi, baada ya miezi kadhaa akapangiwa kituo bila kuomba tena.

Mzee_wa_Majalada

Binti, nimekaa ofisi za rasilimali watu za mashirika miaka 14, kwa hiyo ngoja nikuulize kabla ya kukujibu. Tangazo la kwanza unalo? Kama unalo, liweke pembeni ya hili jipya, usome mstari kwa mstari, uniambie nini kimeongezwa na nini kimetolewa. Usiandike kitu kwa mtu yeyote kabla ya hapo.

Kipanga, cha mdogo wako ni kweli, lakini ile ni kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Waliofaulu usaili wa serikali na kukosa nafasi huwekwa pale kwa muda, kituo kikihitaji mtu wanachukuliwa. Shirika binafsi halibanwi na utaratibu huo. Linabanwa na kanuni zake lenyewe za ajira, na kila shirika lina zake.

Dereva_Tinde

Dada hiyo ni kuachishwa kazi kinyume cha sheria. Wamekutoa wakaitangaza nafasi yako. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, una siku 30 tu, usichelewe. Mimi walinifanyia hivyohivyo kwenye kampuni ya malori, nikalipwa.

Binti_Nansio

Asante kaka Dereva, ila mimi sikuwahi kuajiriwa pale, niliishia kwenye usaili.

Mzee, shikamoo. Tangazo la kwanza nilikuwa nalo kwenye simu. Nimekaa nayo yote mawili saa nzima, na tofauti nilizoziona ni tatu. La kwanza lilisema kituo cha kazi ni Mwanza, basi. Hili linasema Mwanza, "pamoja na safari za Ukerewe na Sengerema kwa takribani asilimia 40 ya muda wa kazi". La kwanza lilisema cheti cha uhasibu cha CPA ni sifa ya ziada, hili linasema awe amehitimu au anaendelea na mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA. Na kwenye majukumu wameongeza mstari ambao haukuwepo: "kufuatilia marejesho ya masurufu ya watumishi walio vituo vya nje". Mengine yote ni yaleyale, hadi kosa la herufi kwenye neno "kuandaa".

Mzee_wa_Majalada

Marahaba. Umefanya vizuri, na hapo jibu limeshaanza kuonekana.

Hesabu tarehe. Barua yako ya kukosa ni ya 28 Machi. Aliyechaguliwa huenda alianza kazi Aprili. Mashirika mengi yana muda wa matazamio wa miezi mitatu au sita. Nafasi imetangazwa tena Julai, mwezi wa tatu au wa nne tangu mtu aanze. Kama ingetangazwa wiki mbili baada ya barua yako ningesema aliyechaguliwa aliikataa ofa, mara nyingi kwa mshahara. Kwa tarehe hizi naona mtu alianza, kazi ikamshinda au yeye akaona haimfai. Na mistari iliyoongezwa inaonyesha ilikoshindikana. Mtu alidhani atakaa ofisini Mwanza, akajikuta kwenye meli ya Nansio kila wiki, huku masurufu, yaani fedha za safari wanazotanguliziwa watu wa visiwani, yamelundikana bila marejesho. Siwezi kuapa ndivyo ilivyokuwa, lakini mashirika hayaongezi mistari ya namna hiyo bila sababu. Kila mstari mpya kwenye tangazo la pili ni mahali walipoumia.

Sasa swali lako kubwa, mbona hawakukupigia. Jopo likimaliza usaili linajaza fomu ya alama, kisha linaandika taarifa: namba moja fulani, namba mbili fulani, na kama namba mbili "anafaa kuajiriwa" au hafai. Maneno hayo ndiyo yenye uzito. Unaweza kuwa namba mbili ukawa hukufikia alama waliyoiweka, na hapo orodha inafungwa na namba moja peke yake. Inawezekana ndivyo ilivyokuwa kwako, na sikufichi. Mashirika mengine huiweka hai orodha hiyo miezi sita, mengine ikishatoka barua ya kukosa imekufa.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo waombaji wengi hawaijui. Sifa na masharti ya nafasi yakibadilika, orodha ya zamani haitumiki hata kama namba mbili alipata alama nzuri. Mkaguzi akija au mfadhili akiuliza, atasema huyu alishindanishwa kwa nafasi ya kukaa Mwanza, mmemwajiri kwa nafasi ya kusafiri, na wale ambao wangeiomba nafasi ya kusafiri hamkuwapa fursa. Kwa hiyo wanalazimika kutangaza. Kwa tofauti ulizozitaja, mimi naegemea huku. Kutangaza upya hakukuambii lolote juu ya alama zako.

Kipanga_wa_Igoma

Mzee naheshimu uzoefu wako, lakini nimeona kwa macho yangu matangazo ambayo mtu wake anajulikana kabla hata ya mwisho wa maombi. Tusimpe dada matumaini hewa.

Mzee_wa_Majalada

Yapo, sitakubishia. Dalili yake huwa ni siku za maombi kuwa chache mno, tatu au nne, au sifa iliyobana ajabu kama vile "awe na uzoefu wa miaka miwili wa mradi huu". Hapa wametoa wiki mbili na wamefungua mlango kwa wanaoendelea na mitihani. Mtu mwenye mgombea wake mfukoni huwa hapanui lango.

Sista_Tumaini

Mdogo wangu, nikusimulie langu. Mimi ni muuguzi. Niliwahi kukosa nafasi kwenye hospitali moja ya binafsi, miezi minne baadaye ikatangazwa. Nikawaandikia barua pepe nzuri tu, nikawakumbusha kuwa walinihoji, nikauliza kama bado naweza kufikiriwa. Wakanijibu "ndiyo, asante kwa kuwasiliana nasi". Nikajua tayari nimo. Sikutuma maombi. Siku ya usaili nilisikia kutoka kwa mwenzangu aliyeitwa. Nilipopiga simu, yule dada wa ofisini akaniambia kwa upole kwamba walioitwa ni wale tu waliomo kwenye orodha ya maombi yaliyopokelewa, na mimi simo. Nililia siku hiyo. Kumbe barua pepe ya kuuliza haihesabiki kuwa ni maombi, hata kama ndani yake umeeleza sifa zako zote. Tafadhali omba kamili, na usisubiri wakujibu ndipo uombe.

Binti_Nansio

Pole sana dada Tumaini, na asante maana hilo ndilo nililotaka kulifanya.

Mzee, umenishtua kwa habari ya masurufu. Kwenye usaili waliniuliza hasa hilo. Afisa wa mradi amechukua 1,850,000 za safari, safari imeisha wiki tatu zilizopita, hajarejesha, na leo analeta maombi ya masurufu mengine ya kesho asubuhi. Utafanyaje? Nilijibu kwamba ningemtaarifu bosi wangu. Nikaona mmoja wao ameandika kitu na hakuniuliza zaidi. Mpaka leo naliona lile kalamu likiandika.

Na jambo jingine, mimi ni mzaliwa wa Nansio. Nyumbani kwetu ni Ukerewe. Sikulisema kwenye maombi ya kwanza kwa sababu halikuulizwa popote.

Mzee_wa_Majalada

Basi una mambo mawili mkononi ambayo Machi hukuwa nayo kwao. Hayo ndiyo ya kuandika.

Jibu la lile swali, ili ukiulizwa tena usiyumbe: masurufu mapya hayatoki mpaka ya zamani yarejeshwe. Unamwita leo hiihii, unakaa naye, mnapanga risiti alizonazo, mnajaza fomu ya marejesho kwa kiasi kilichothibitika. Fedha iliyobaki inaingizwa benki na hati ya benki inaambatishwa. Kama kuna pengo, linaandikwa kwa jina lake. Kulikata kwenye mshahara kunahitaji awe amekubali kwa maandishi, ndiyo maana fomu nzuri za masurufu zina mstari wa kukubali kukatwa, anausaini kabla ya kupewa fedha. Ukishafanya hayo ndipo unampelekea bosi jambo likiwa na takwimu zake. Kumtaarifu bosi siyo kosa, ila wewe ulianzia pale pa kumalizia.

Binti_Nansio

Na visiwani risiti nyingine hazipo kabisa Mzee. Ukikodi mtumbwi wa kukuvusha kwenda kisiwa kidogo, mwenye mtumbwi hana mashine ya EFD.

Mzee_wa_Majalada

Hapo ndipo watu wa mjini wanaposhindwa! Kwa malipo kama hayo kunakuwa na fomu ya kukiri mapokeo: jina la aliyelipwa, namba yake ya simu, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, saini au dole gumba. Mashirika mengi yanaikubali mpaka kiwango fulani kwa siku. Ulivyolitaja hilo bila kuulizwa, ndivyo ulitaje kwenye barua ya maombi.

KijanaWaLikoni

Salamu kutoka Mombasa. Niongeze moja tu. Huku kwetu bodi za utumishi za kaunti zikitangaza kazi upya huwa zinaweka sentensi chini kabisa: waliotuma maombi awali hawana haja ya kutuma tena, ama kinyume chake, wanahimizwa watume. Watu wanaisoma juu juu na kuikosa. Angalia kama tangazo lako lina maneno kama hayo. Pia angalia kama kuna namba ya kumbukumbu ya nafasi. Rafiki yangu alituma barua yake ya zamani ikiwa na namba ya tangazo la kwanza na tarehe ya mwaka uliopita, ikatupwa.

Binti_Nansio

Nimeangalia kaka, sentensi hiyo haipo. Namba ya kumbukumbu ipo na imebadilika. Nisingeiona bila wewe.

Nimejaribu kuandika hivi, naomba mnikosoe:

*"Ndugu Mkurugenzi, nasikitika kuona nafasi niliyoiomba Machi imetangazwa tena ilhali niliambiwa waombaji wengine wamechaguliwa. Nilifika watatu bora na niliamini nilifanya vizuri. Naomba kujua ni kwa nini sikuchaguliwa na kwa nini sikupewa nafasi baada ya aliyechaguliwa kuondoka. Bado nina nia ya dhati ya kufanya kazi nanyi."*

Sista_Tumaini

Mdogo wangu, maumivu yamejaa humo. Nakuelewa, lakini usiitume.

Mzee_wa_Majalada

Usiitume. Kwanza hujui kama aliyechaguliwa ameondoka, mimi na wewe tunakisia. Inawezekana wameongeza mhasibu wa pili. Ukiandika "baada ya aliyechaguliwa kuondoka" watajiuliza nani wa ndani anakupa habari, na mtu wa fedha anayechota habari za ndani hatakiwi. Pili, ukiuliza kwa nini hukuchaguliwa unamlazimisha afisa kutetea uamuzi wa Machi, wakati unamtaka akufikirie kwa Julai. Tatu, usimwandikie Mkurugenzi. Fungua ileile barua pepe ya 28 Machi, bonyeza kujibu. Afisa akiifungua ataona chini yake maneno yao wenyewe na tarehe, hahitaji kutafuta jalada lako.

Jaribu hivi:

*"Yah: Mhasibu wa Mradi, Mwanza, tangazo la 9 Julai*

*Ndugu Afisa Rasilimali Watu,*

*Nilihudhuria usaili wa nafasi hii tarehe 11 Machi na kupokea majibu yenu ya tarehe 28 Machi. Nimeona nafasi imetangazwa upya na sasa ina safari za Ukerewe na Sengerema. Mimi ni mzaliwa wa Nansio na niko tayari kwa safari hizo.*

*Naomba kufahamu kama waliosailiwa Machi wanaruhusiwa kuomba tena. Maombi yangu kamili nayatuma leo kupitia anwani iliyo kwenye tangazo.*

*Wako katika ujenzi wa taifa…"*

Swali moja tu, ambalo mtu anaweza kulijibu kwa sentensi moja akiwa amesimama. Na kweli uyatume maombi siku hiyohiyo, alivyokuambia dada Tumaini. Yapo mashirika yenye kanuni kwamba aliyekosa asiombe nafasi ileile kabla ya miezi sita au mwaka. Kama wana kanuni hiyo watakuambia, hujapoteza kitu.

Kipanga_wa_Igoma

Nakubali barua ya Mzee ni nzuri kuliko ningeandika mimi. Ila "niko tayari kwa safari" kila mtu ataandika. Dada, taja jinsi unavyofika. Ukerewe kuna meli ya kutoka Mwanza mpaka Nansio, na kuna njia ya Bunda kwenda Kisorya halafu kivuko mpaka Rugezi. Anayejua njia zote mbili anajua meli ikiharibika afanye nini.

Mzee_wa_Majalada

Hilo ni wazo zuri Kipanga. Liweke kwenye barua ya maombi, siyo kwenye hii fupi.

Binti_Nansio

Na CPA je? Nimefanya mitihani ya NBAA ya Mei, masomo mawili, matokeo bado. Niseme nimefaulu? Moja nina uhakika nalo.

Mzee_wa_Majalada

Hapana kabisa. Andika "nimefanya mitihani ya Mei, nasubiri matokeo". Tangazo linasema anayeendelea anakubalika, kwa hiyo unatosha kama ulivyo. Yakitoka kabla ya usaili unakwenda nayo mkononi.

Dereva_Tinde

Samahani dada nilisoma haraka mwanzoni. Lakini nauliza kwa nia njema, kwani sheria haimlindi kabisa mtu asiyeajiriwa bado?

Mzee_wa_Majalada

Inamlinda kwa upande mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi hata kwenye matangazo na usaili, kwa mfano mtu kunyimwa kwa sababu ya ujauzito, jinsia, dini au ulemavu. Binti angekuwa aliulizwa "una mpango wa kuzaa lini" tungekuwa na mazungumzo mengine. Kukosa kwa sababu ya alama, au nafasi kutangazwa tena, hakuna pa kushitaki.

Binti_Nansio

Hapana, hawakuniuliza kitu cha namna hiyo. Walikuwa watu wa heshima.

Binti_Nansio *(14 Julai)*

Wapendwa, nimetuma yote mawili tarehe 11. Barua fupi kwa kujibu ileile ya Machi, na maombi kamili kwa anwani ya tangazo, namba mpya ya kumbukumbu. Wasifu nimeurekebisha: nimeongeza kwamba dukani nafuatilia fedha za madereva wanaopeleka mizigo Sengerema, na jinsi nilivyowaandalia kijitabu cha marejesho. Machi niliandika tu "kutunza vitabu vya hesabu". Leo sijajibiwa. Nipige simu?

Sista_Tumaini

Piga mdogo wangu, mara moja, asubuhi, namba iliyo kwenye tangazo. Uliza tu kama maombi yamepokelewa.

Mzee_wa_Majalada

Mimi ningengoja mpaka tarehe 17. Siku mbili tatu za kazi ni chache, na watu wa fedha na ajira wanafunga mwaka wa hesabu mwezi huu kwenye mashirika mengine. Hapa mimi na Sista tunatofautiana, chagua wewe.

Binti_Nansio *(16 Julai)*

Sikupiga, wamejibu wenyewe leo saa nne asubuhi. Sentensi mbili: "Waliosailiwa awali wanaruhusiwa kuomba. Maombi yako yamepokelewa na yatashindanishwa sawa na mengine."

Kipanga_wa_Igoma

Safi sana dada. Sasa ukiitwa, waulize wazi nini kilimtokea aliyepita. Una haki ya kujua unaingia wapi.

Mzee_wa_Majalada

Asiulize hivyo. Aulize "nani anashika masurufu ya vituo vya nje kwa sasa, na marejesho yaliyochelewa ni ya tangu lini?" Jibu la hapo litamwambia yote, na atakuwa ameuliza kama mhasibu.

KijanaWaLikoni

Mimi niko na Kipanga hapo. Kama mtu ametoka baada ya miezi mitatu, huenda tatizo ni bosi, si safari. Swali la masurufu halitafichua bosi mbaya.

Binti_Nansio *(29 Julai)*

Nimeitwa. Mtihani wa kuandika ni Jumatatu saa tatu asubuhi, tuko wanane. Matokeo ya NBAA yametoka, nimefaulu somo moja, la pili narudia Novemba, na barua ya matokeo nimeichapa. Jana nilimpigia mjomba Nansio kumuuliza nauli za mitumbwi za sasa, visiwa vinne, nimeziandika kwenye daftari. La kumuulizia aliyepita bado sijaamua.